Madarasa mawili, seri nne: kupanga wanafunzi wa mtihani pale benchi moja inapokaliwa na watatu

*Mwalimu, mimi ni prefe wa masomo wa shule moja ya sekondari huku Kadutu, Bukavu. Darasa la tatu lina wanafunzi 56, darasa la nne lina 45. Vyumba vya mtihani ni viwili, kila kimoja kina benchi 18, na kila benchi wanakaa watatu. Muhula uliopita tulitoa mtihani kwa seri mbili zenye maswali tofauti, A na B, tukazipishanisha kama rangi za ubao wa dama, bila kuchanganya madarasa. Wakati wa kusahihisha tukakuta makosa yaleyale kwenye karatasi za watu waliokaa karibu. Hela ya fotokopi ni kidogo. Tuwapange vipi safari hii? — Mama Prefe, Kadutu*

Mama Prefe, shikamoo na pole kwa kazi. Kabla ya kuwalaumu wasimamizi, chukua karatasi uchore ule mpango wa dama, A na B zikipishana mbele, nyuma na pembeni. Kisha weka kidole kwenye mwanafunzi mmoja wa katikati ya chumba, uhesabu waliomzunguka. Ni wanane: wawili wa pembeni, mmoja mbele, mmoja nyuma, na wanne wa pembe. Wa pembeni, wa mbele na wa nyuma wana seri nyingine, na hapo ndipo macho yetu huridhika. Lakini wale wanne wa pembe wote wana seri yake. Na kati ya hao, wawili wanakaa mbele yake, mmoja kushoto na mmoja kulia, mahali ambapo mtoto huona karatasi ya mwenzake bila hata kugeuza shingo.

Aliye mbele yako moja kwa moja ni vigumu kumwibia, kwa sababu mgongo wake umeifunika karatasi. Aliye mbele kwa pembe hana kinga hiyo. Mkono wake wa kuandikia unacheza wazi, na karatasi inaonekana kati ya bega lake na bega la jirani yake. Kwa hiyo mpango wa dama unamnyima mwanafunzi jirani asiyemfaa sana, yule wa mbele, na kumwachia wawili wanaomfaa. Kama umebaki na seri mbili tu na huna njia nyingine, afadhali uzipange kwa safu: safu nzima kutoka ubaoni hadi ukuta wa nyuma ipewe A, safu inayofuata B, inayofuata A. Hapo wanaobaki na seri moja ni wa mbele na wa nyuma tu, na katikati yao kuna mgongo. Si dawa kamili, kwa maana wa mbele anaweza kuinua karatasi yake kidogo pembeni ili wa nyuma asome, lakini hapo lazima wawili wakubaliane. Kwa mpango wa dama mmoja anaiba na mwenzake hajui lolote.

Kuna tatizo la pili linalotokana na benchi zenu. Benchi ya watatu, ukiipa seri mbili, lazima iwe A, B, A au B, A, B. Wa miisho miwili wana mtihani mmoja. Wametenganishwa na mtu mmoja tu, karibu mita moja, na karatasi hupita nyuma ya mgongo wa yule wa katikati, naye akinyamaza kwa hofu au kwa urafiki hakuna atakayejua. Ningekuwa mahali pako ningerudi kwenye zile karatasi za muhula uliopita, nizipange kwa namba za viti, nione kama makosa yanayofanana yako zaidi kwa watu wa pembe na kwa watu wa miisho ya benchi. Nadhani utayakuta huko.

Basi zinahitajika seri ngapi? Chukua wanafunzi wanne waliokaa kwa mraba, wawili mbele na wawili nyuma yao. Kila mmoja wao ni jirani wa wengine watatu, ama kwa ubavu, ama kwa mbele na nyuma, ama kwa pembe. Wanne wote wanahitaji karatasi tofauti. Seri tatu hazitoshi hata kwa mraba huo mdogo mmoja, na nne zinatosha kwa chumba chote, kiwe na ukubwa wowote. Hesabu hii haibembelezeki: kama unataka jirani yeyote asifanane na mwenzake, chini ya seri nne haiwezekani.

Najua unachofikiri hapo. Mwalimu wa hesabu ameandaa seri mbili kwa manung'uniko, sasa aambiwe nne? Hapana. Seri nne zinaweza kupatikana bila mwalimu yeyote kuandaa zaidi ya mbili. Wachanganye madarasa. Weka darasa la tatu na darasa la nne kwenye chumba kimoja, nafasi moja mtu wa tatu, nafasi inayofuata mtu wa nne. Darasa la tatu lina seri zake mbili, nitaziita 3A na 3B. Darasa la nne lina zake, 4A na 4B. Tayari ni nne, na vyumba vyako viwili ni vilevile.

Sasa zipangwe vipi? Njia ya kwanza inayokuja akilini ni kuweka 3A na 4A zikipishana kwenye mstari wa kwanza, na 3B na 4B zikipishana kwenye mstari wa pili. Majirani wote wanane wanatofautiana, ni kweli. Lakini itazame benchi: 3A, 4A, 3A. Wale wa miisho tumewarudisha palepale. Kwa benchi za watatu, ni bora seri zote nne zitembee mfululizo kwenye mstari mmoja, halafu mstari wa pili uanze hatua mbili mbele. Chumba chako cha benchi 18, kama ni benchi tatu kwa upana na mistari sita kwenda nyuma, kitakuwa hivi:

```
                   UBAO
mstari 1   3A 4A 3B | 4B 3A 4A | 3B 4B 3A
mstari 2   3B 4B 3A | 4A 3B 4B | 3A 4A 3B
mstari 3   3A 4A 3B | 4B 3A 4A | 3B 4B 3A
mstari 4   3B 4B 3A | 4A 3B 4B | 3A 4A 3B
mstari 5   3A 4A 3B | 4B 3A 4A | 3B 4B 3A
mstari 6   3B 4B 3A | 4A 3B 4B | 3A 4A 3B
```

Kile kistari cha wima ni njia ya kupita kati ya benchi. Usianze kuhesabu upya baada ya njia. Mfululizo uvuke, kwa sababu njia nyembamba haizuii jicho. Chagua herufi yoyote katikati ya mchoro, zungusha kidole, hutapata inayofanana nayo kati ya zile nane. Chagua benchi yoyote, ina karatasi tatu tofauti. Aliye karibu zaidi mwenye seri yako yuko ama mistari miwili mbele yako, nyuma ya migongo, ama mstari mmoja mbele na nafasi mbili pembeni. Huyo wa pili ndiye wa kuchungwa. Kama nafasi ya mtu mmoja ni nusu mita na mistari imeachana sentimita 90, kati yenu kuna kama mita moja na theluthi, na yuko upande. Kusoma maandishi ya mtoto kwa umbali huo inawezekana kama ameandika kwa herufi kubwa, lakini itabidi ugeuke, na kugeuka kunaonekana.

Kama kuna mtu ofisini anayetumia Eksel, asiandike kwa mkono. Namba ya mstari aiweke safu A ya jedwali, namba ya nafasi (1 hadi 9) safu B, kisha kwenye safu C, kuanzia C2:

```
=MOD(2*A2+B2;4)
```

Jibu likiwa 3, nafasi hiyo ni ya 3A. 0 ni 4A. 1 ni 3B. 2 ni 4B. Hiyo nukta-mkato ni ya Eksel ya Kifaransa, ambayo ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi za kwetu.

Tuingize watu wako. Nafasi zenye namba witiri, yaani 1, 3, 5, 7 na 9, ni za darasa la tatu: tano kwa mstari, 30 kwa chumba, 60 kwa vyumba viwili. Wanafunzi wako ni 56, wanaingia. Nafasi 2, 4, 6 na 8 ni za darasa la nne: 24 kwa chumba, 48 kwa viwili, nao ni 45. Kwa hiyo chumba cha kwanza kipokee 28 wa tatu na 23 wa nne, cha pili 28 na 22. Nafasi zitakazobaki wazi, tatu huku na nne kule, ziache kwenye mstari wa sita, ambako msimamizi huchelewa kufika. Una bahati kwamba darasa kubwa ndilo lililoangukia nafasi tano. Ingekuwa darasa la nne ndilo lenye 56, ungebadilisha tu, nafasi witiri uwape wao.

Kuhusu fotokopi: idadi ya karatasi haiongezeki. Wanafunzi 101 wanahitaji karatasi 101, ziwe za seri moja au za nne. Kinachoongezeka ni karatasi za kwanza za kuchapia, ambazo zitakuwa nne, mbili kwa kila darasa, na hizo tayari mlikuwa nazo muhula uliopita. Kwa kila chumba kilichojaa utahitaji 3A 15, 3B 15, 4A 12 na 4B 12. Piga hesabu kwa nafasi zilizokaliwa, ongeza moja au mbili kwa kila seri kwa ajili ya iliyochapwa vibaya, basi.

Lakini najua shule nyingi za Kadutu na Bagira ambako fotokopi ni ndoto, na maswali huandikwa ubaoni. Hata hapo seri zinawezekana, na ni njia ninayoipenda kuliko hata ya karatasi zilizochapwa. Ubaoni unaandika swali bila kuweka namba moja, na hiyo namba mwanafunzi anaipata kwenye kikaratasi chake. Mfano wa hesabu. Ubaoni andika:

x² − 9x + p = 0. Tafuta x.

Mmoja amepewa p = 20, majibu yake ni 4 na 5. Jirani amepewa p = 18, majibu ni 3 na 6. Mwingine p = 14, anapata 2 na 7. Wa nne p = 8, anapata 1 na 8. Ugumu ni uleule kwa wote: hatua ni zilezile, na delta ni 1, 9, 25 au 49, zote zina kipeuo cha pili kizima. Tena hakuna jibu hata moja linalojirudia kati ya seri hizo nne, jambo utakaloona faida yake wakati wa kusahihisha. Karatasi moja ya A4 inakatwa vipande 16, kwa hiyo karatasi saba zinatosha wanafunzi wote 101, zikiandikwa kwa mkono. Na kwa kuwa vikaratasi vinaweza kugawanya p nne kwa urahisi uleule wa mbili, hata darasa likikaa peke yake chumbani linapata seri nne. Mkichanganya madarasa, ubao ugawanywe kwa chaki, kushoto maswali ya darasa la tatu, kulia ya darasa la nne. Kwenye kila kikaratasi andika namba ya kiti kwa kalamu ya wino, upige na muhuri wa shule ukutane nayo, vinginevyo vitabadilishwa chini ya benchi ndani ya dakika tano. Kinarudishwa kikiwa kimebanwa kwenye karatasi ya majibu.

Hapa pana kazi ambayo walimu huifanya ovyo, nayo ni kuchagua namba za seri ya pili. Mwalimu aliyechoka anabadilisha 20 kuwa 19 na kulala. Delta inakuwa 81 kutoa 76, yaani 5, na mtoto wa seri hiyo anaingia kwenye vipeuo visivyoisha wakati jirani yake amemaliza na kukunja mikono. Huo si mtihani mmoja tena, na mzazi akija ofisini kulalamika, ana haki. Kila seri lazima mwalimu aifanye mwenyewe kwa kalamu hadi mwisho kabla ya kuipeleka kuchapwa, na ajipime muda.

Kosa jingine ni kudhani kwamba kubadilisha mpangilio wa maswali kunatosha. Wanaojiandaa kwa mtihani wa Serikali wanazijua seri za maswali ya kuchagua, na huko kuchanganya mpangilio wa maswali na wa majibu kuna maana, kwa sababu anayechungulia anaona namba na alama tu. Lakini kwenye mtihani wa kuandika maelezo, swali la tatu kuwa la saba hakumzuii mtu anayenong'ona. Anauliza, "Ya Berlin ni mwaka gani?", hataji namba ya swali. Kwa historia tengeneza maswali mapacha yenye uzito mmoja na majibu mawili. Seri A iulize Mkutano wa Berlin ulimalizika mwaka gani, jibu 1885. Seri B iulize Kongo ilitoka lini mikononi mwa Leopold wa Pili ikawa koloni la Ubelgiji, jibu 1908. Wote wawili wanatafuta tarehe moja ya kipindi kilekile, na hawana cha kupeana. Insha ya Kifaransa ni kinyume chake: iache seri moja, au weka mada mbili ukipenda, maana kunakili insha nzima ya mtu aliye pembeni ni kazi ndefu, na msahihishaji huiona kwa mstari wa tatu.

Usiandike "SERI A" kwa herufi kubwa juu ya karatasi. Mwanafunzi akijua seri yake, atajua pia wa kumtafuta, na kabla ya saa moja kwisha chumba kizima kitajua kwamba wa mstari mmoja mbele, nafasi mbili kushoto, ndiye ndugu yake wa seri. Karatasi zote zifanane kwa kichwa, tarehe na idadi ya maswali. Alama ya seri iwe ndogo, kwa mfano nukta baada ya mwaka kwenye 3A na pasipo nukta kwenye 3B. Mwanafunzi aandike jina na namba ya kiti tu. Msahihishaji ndiye atakayeitafuta seri kwenye mpango wa chumba. Mfano wangu wa x² − 9x una faida hiyohiyo: ukichungulia kwa haraka unaona swali ni lilelile, unanakili 4 na 5 kwa furaha.

Sasa hatari za kuchanganya madarasa, maana zipo. Ya kwanza ni kwamba mtoto wa darasa la nne ameshapita la tatu. Kama wote wanafanya hesabu siku hiyo, mdogo ana mwalimu wa bure kwenye ubavu wake. Kwa hiyo usipange somo moja kwa madarasa mawili kwa saa moja. La tatu wakifanya hesabu, la nne wafanye Kifaransa au jiografia, kesho wabadilishane. Mkubwa atakuwa ameinamia mambo yake, na kumsaidia mdogo itabidi aache kazi yake, asome swali la mwenzake, alikokotoe. Wapo watakaofanya hivyo kwa ajili ya mdogo wake wa tumbo moja au wa jirani nyumbani. Ukijua ndugu, watenganishe kwa vyumba. Gharama ya jambo hili ni kwamba mwalimu wa hesabu lazima azunguke vyumba vyote viwili kujibu maswali, jambo ambalo hapo awali hakulihitaji.

Ya pili ni muda. Kama la tatu wana saa mbili na la nne wana tatu, saa mbili zikipita nafasi zote witiri zinakuwa wazi kwa pamoja, na darasa la nne wanabaki wakitazamana kupitia viti vitupu, 4A na 4B kila nafasi ya pili. Ukuta wote mliojenga unaanguka dakika hiyo. Sawazisha muda wa mitihani miwili iliyo chumba kimoja, au atakayemaliza abaki ameketi, karatasi imegeuzwa, mpaka kengele ya wote.

Nani akae wapi? Si kwa alfabeti, na si kwa orodha ya ushindi ya muhula uliopita. Mwanafunzi anayejua yuko wa kumi na mbili kwa alfabeti anaweza kukokotoa mapema jirani zake, na wakajiandaa pamoja. Majina ya kila darasa yaandikwe kwenye vikaratasi, yachanganywe kwenye kofia, yachotwe moja moja kujaza nafasi, kisha mpango ubandikwe mlangoni asubuhi ya mtihani, si jana yake. Kwenye Eksel ya Kifaransa, `=ALEA()` pembeni ya kila jina, kisha upange kwa safu hiyo, inafanya kazi ileile. Muhimu kwa kila somo uchote upya. Kiti cha kudumu wiki nzima kinawapa jumatatu ya kuchunguza na jumanne ya kutumia.

Asubuhi yenyewe, karatasi ziwekwe kwenye viti wakati wanafunzi wako nje, zikiwa zimelala kifudifudi. Bunda lipangwe tayari kwa mfululizo wa mstari: 3A, 4A, 3B, 4B, na kuendelea. Msimamizi akizigawa wakiwa wameshakaa, ukampa wa mwisho wa benchi azipitishe, zitafika kwa mpangilio wa urafiki. Msimamizi asimame nyuma ya chumba, si mbele. Mwanafunzi asiyemwona msimamizi hajui ni wakati gani anatazamwa. Na mvua ya Bukavu ikianza kugonga mabati, ambapo hata mwalimu hajisikii mwenyewe, waongeze wawe wawili na watembee, kwa sababu mpango wa viti unazuia jicho, lakini kwenye kelele ile watu hutumia mdomo.

Kinachoua mipango hii mara nyingi kuliko vyote ni mtoto asiyekuja. Msimamizi mwema anaona pengo mstari wa pili, anamwita wa nyuma, "Sogea mbele." Wa nyuma yake naye anasogea. Mtu mmoja tu akisogea mstari mmoja, 3A anajikuta nyuma ya 3A mwingine moja kwa moja, na 3A wengine wako nafasi mbili tu pembeni yake kwenye mstari uleule. Waambie wasimamizi kwa maneno yasiyo na mjadala: asiyekuja, kiti chake kinabaki wazi, karatasi inaondolewa, hakuna anayesogea. Aliyechelewa anakaa kwenye namba yake hata kama ni katikati ya benchi na itabidi mwenzake asimame ampishe. Benchi ikivunjika, watu wake wote watatu wahame pamoja hadi nyuma ya mstari wa sita, na uwape nafasi zinazoendeleza mfululizo wa mstari wa saba, ambao ni sawa na wa kwanza.

Mpango huu haumgusi mwenye simu ndani ya soksi, wala yule aliyeuziwa maswali usiku. Kwa hao kuna kazi nyingine. Pia kama siku moja utatumia ukumbi wenye ngazi, ambako wa nyuma anakaa juu ya wa mbele, usiutumie mpango huu hivi ulivyo. Pale mgongo haufuniki kitu, na aliye mistari miwili chini, mwenye seri yako, unamsoma vizuri. Acha mstari mmoja mtupu kati ya kila mistari miwili iliyokaliwa.

Baadaye, wakati wa kusahihisha, ile hila ya majibu yasiyojirudia ndiyo inayoongea. Mwanafunzi mwenye p = 18 akiandika 4 na 5, majibu hayo hayawezi kutoka kwenye swali lake; ukiweka 4 mahali pa x unapata 16 − 36 + 18, ambayo ni −2. Swali moja la namna hiyo lisikufanye umwite mzazi. Huenda alisoma vibaya kikaratasi. Likitokea kwenye maswali mawili au matatu ya karatasi moja, na yote yakielekea seri ileile, chukua mpango wa chumba utazame nani aliye karibu naye mwenye seri hiyo. Muite mtoto peke yake, mpe p = 14 na kalamu, umwombe atafute x mbele yako. Anayejua atamaliza kwa dakika tatu. Kwa kazi hiyo, mpango wa chumba wa kila siku, ukiwa na alama ya waliokosekana na sahihi ya msimamizi, utunze ofisini hadi matokeo yatangazwe na muda wa malalamiko uishe.